Luqmani hakusema "mimi ni babako"

Jumanne usiku, Langoni, Lamu.

Leo baada ya alasiri nilimtuma mwanangu dukani na noti ya shilingi 500. Chenji ilitakiwa iwe 140, akaniletea 90. Nilipomuuliza akasema hamsini imeanguka njiani, huku anaangalia miguu yake. Nikamshukia palepale kichochoroni, mbele ya wazee walioketi barazani. Nilifoka mpaka sauti ikanikauka, na katikati ya maneno yangu nikasema, "Mimi ni babako!" Punda aliyefungwa pembeni naye akaanza kulia. Kwa mazoea nikatamka audhu billahi, kama tulivyofunzwa chuo cha Kurani tumsikiapo punda. Mzee mmoja akacheka. Mwanangu hakucheka.

Baada ya isha nikafungua msahafu, sura ya 31, aya ya 12 hadi 19, pale Luqmani mwenye hekima anapomuusia mwanawe. Aya hizi nimezisoma tangu utotoni, lakini leo nilizisoma kama mtu aliyeshtakiwa.

Kwanza lile neno la kuita. Luqmani hasemi "ewe mwana" tu. Anasema yaa bunayya, na bunayya ni mwana kwa umbo la udogo, lile la kubembeleza, kama mtu anayesema "kijanangu". Analirudia mara tatu, aya ya 13, ya 16 na ya 17. Na la kwanza analomwambia ni asimshirikishe Mwenyezi Mungu, kwani ushirikina ni dhuluma kubwa. Hata kwenye katazo zito kama hili hakumkataza kwa "kwa sababu nimesema". Kampa sababu.

Kisha aya ya 14 na ya 15, hapo ndipo nilipokaa sana. Wafasiri wengi wanasema maneno haya si ya Luqmani. Mazungumzo yake yanakatizwa, Mwenyezi Mungu mwenyewe anausia juu ya wazazi, halafu Luqmani anaendelea kwenye aya ya 16. Kwa maana hiyo, baba huyu mwenye hekima aliitaja haki ya Mola wake, yake mwenyewe akainyamazia. Aliyemsemea ni Mungu. Na hata hapo mzigo unaoelezwa ni wa mama: kumchukua mimba udhaifu juu ya udhaifu, na kumwachisha ziwa katika miaka miwili. Baba anaingia tu katika neno "wazazi", kama katika "unishukuru Mimi na wazazi wako". Hata wazazi wakimshikilia mtoto amshirikishe Mungu, asiwatii katika hilo, lakini akae nao duniani kwa wema. Mimi kwa shilingi hamsini nilikuwa nimeshakitangaza cheo changu mtaa mzima.

Aya ya 16 ndiyo ingenifaa kichochoroni. Likiwa jambo lina uzito wa chembe ya hardali, likawa ndani ya jabali au mbinguni au ardhini, Mwenyezi Mungu atalileta. Hardali ni ile mbegu ya kwenye achari, ukiiangusha sakafuni huioni tena. Hamsini "iliyoanguka" ni kubwa kuliko hiyo. Na tazama mpango wake: sala inaamrishwa baadaye, aya ya 17. Mtoto anajulishwa kwanza kwamba anaonekana hata baba asipokuwepo, ndipo anaambiwa simamisha sala, amrisha mema, kataza mabaya, usubiri kwa yatakayokupata. Subira imewekwa hapo kwa sababu mwenye kukataza watu maovu hakosi kuudhiwa.

Aya ya 18 inakataza kuwageuzia watu shavu. Kitenzi chake cha Kiarabu asili yake ni ugonjwa wa ngamia unaomkunja shingo. Kwetu vichochoro ni vyembamba, ukipishana na mtu shavu lako analiona vizuri.

Ya mwisho ni kwenda mwendo wa kati na kupunguza sauti, kwa kuwa sauti inayochukiza kuliko zote ni ya punda. Hapa kuna kijineno kidogo, min: waghdudh min sautika. Si "nyamaza", ni "punguza katika sauti yako". Kusema na mtoto, sema, sehemu ya sauti ndiyo iondoke. (Punda wetu nawatetea kidogo: mawe na mchanga uliojenga nyumba hizi wamebeba wao. Aya imetaja sauti, mgongo haikuugusa.)

Jumatano, baada ya alfajiri.

Nilimwita kwenye daka la mlangoni. Nikamwita "kijanangu", na ulimi ukaona ugeni. Nikamwomba radhi kwa kumfokea mbele za watu. Kuhusu pesa nikamuuliza mara moja tu, polepole, nikanyamaza. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akatoa shilingi ishirini mfukoni, akaziweka juu ya mkeka, akasema thelathini alinunua mabuyu.