Hii Moroko, mwanangu

Maneno yalikuwa matano, nikayapokea kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake mtu anatwanga na mtoto analia: kizamani, safi, kwetu, upole, usiku. Aliyeyatuma ni bi mkubwa mmoja wa Mkunazini, Unguja, anayepika udi kwa sukari na marashi, akauza kwa kopo. Alitaka picha nne, za boksi jipya na za ukurasa wake wa simu. Ilikuwa masika, mvua haikatiki, nami kazi sina, kwa hiyo nikaona riziki imekuja yenyewe.

Usiku ule ule nikayageuza yale maneno Kiingereza, nikayapachika kwenye programu ya kuchora picha kama yalivyo, mwisho nikaongeza `Zanzibar`. Nilitoa picha arobaini hivi. Nikachagua kumi nilizozipenda mimi, asubuhi nikampelekea nikijiona fundi.

Alizitazama zote pale barazani, kimya, kisha akanirudishia simu.

"Nzuri. Lakini hii Moroko, mwanangu. Na hii hapa sijui hoteli."

Alikuwa na haki. Kulikuwa na fanusi za kutobolewatobolewa, matao ya rangi ya udongo, mwanamke amejitanda kitambaa kisichokuwa kanga wala buibui, na katika picha tatu jahazi linapita mbele ya jua linalozama. Programu hizi hujifunza kwa picha zilizokwisha kuandikiwa maelezo, na anayeandika Zanzibar chini ya picha mara nyingi ni mgeni aliyeshuka pwani na kamera. Ukiipa neno tupu, inakurudishia wastani wa walioliandika kabla yako. Nami nilikuwa nimeipa maneno tupu matano.

Nikamwomba siku mbili, nikaenda kutengeneza mudibodi, kitu ambacho ningekianza nacho tangu mwanzo lau si uvivu. Mudibodi ni ubao tu: unabandika picha, vipande vya rangi, hata kitambaa, mpaka mteja aone kwa macho kile alichokisema kwa mdomo. Nilikusanya picha thelathini, sita kwa kila neno, na kila neno makusudi nikalitafutia sura zinazopingana. Kwa "safi", kwa mfano, niliweka chumba cheupe kitupu, maji ndani ya glasi, sakafu iliyopigwa deki na shuka zilizokunjwa. Nikazichapisha duka la steshenari, kila moja ukubwa wa kiganja. Kwenye simu mtu huziteleza haraka na kusema nzuri, nzuri; karatasi mkononi humlazimisha kuamua.

Tukakaa ukumbini juu ya mkeka. Nilidhani tutamaliza kwa saa moja. Tulikaa toka alasiri hadi adhana ya isha.

Kosa langu la kwanza pale lilikuwa kumuuliza, "Ipi unaipenda?" Alichukua picha ya kitanda cha samadari chenye vioo vya maua, akaiweka chini ya "kizamani". Nikafurahi, nikawa naandika: kitanda, nakshi, vioo. Halafu, sijui kwa nini, nikakifunika kitanda kwa kiganja, ikabaki kona ya ukuta wa chokaa na kivuli cha chandarua.

"Na sasa, bi mkubwa, bado unaitaka?"

"Eee. Hiyo hasa ndiyo niliyoiona. Kitanda cha nani kile, mie sikijui."

Tangu hapo sikupokea picha bila kuifunika nusu. Mtu huonyesha kitu kizima kumbe moyo wake uko kwenye mwanga, au kwenye umbali, au kwenye rangi moja tu pembeni. Ukiandika jina la kitu, umepoteza kilichomvuta.

Kwa mtindo huo maneno yakaanza kufunguka. "Safi" kwake haikuwa weupe wala utupu. Ilikuwa nguo iliyofuliwa, ikakunjwa, inangoja kufukizwa. "Kizamani" haikuwa kuchakaa, na picha zote za kuta zilizobambuka alizikataa kwa hasira kidogo: "Nyumba ikianguka ndiyo ukale?" Alitaka chokaa nzima, iliyopigwa juu ya chokaa. "Upole" alikuwa na maana ya karibu, kama mtu aliyekaa chini, si mtu aliyesimama mlangoni anachungulia.

Lililotusumbua ni "usiku". Mimi nilileta mbalamwezi na buluu. Yeye alikuwa anasema baada ya isha, balbu moja ya njano, na kaa la moto linalopumua ndani ya chetezo. Hapo likazuka gombano: usiku unataka giza, usafi unataka nguo ionekane. Ukiyaacha maneno mawili ya namna hiyo ndani ya maelezo, programu haikuambii kuwa yanapingana. Inayachanganya, inatoa kijivu kisicho huku wala kule. Nikaamua kuligawia kila neno kazi yake moja. Usiku ukachukua mwanga. Usafi ukachukua kitambaa. Kizamani kikachukua ukuta, upole ukachukua mahali pa kutazamia, chini sakafuni. "Kwetu" likabaki kuwa chetezo chenyewe.

Ubaoni zilibaki picha saba. Kumi na moja nilizibandika upande wa kushoto chini ya neno "sivyo", na upande huo ndio ulionifaa zaidi nilipokaa kuandika, ingawa si kwa kuunakili. Programu niliyokuwa nayo ukiiandikia bila fanusi, inasikia fanusi, inakuletea mbili. Kwa kila kilichokataliwa ilinibidi niandike kinachokaa mahali pake: badala ya kukataza fanusi, nikataja balbu, badala ya kukataza pwani, nikataja ukuta.

Chetezo nacho kilinipa kazi. Neno lenyewe programu haikulijua, na nilipotumia jina la Kiingereza la chombo cha kufukizia iliniletea shaba ya Uarabuni, mara vijiti vyembamba vya Kihindi. Ikabidi nilieleze umbo kama unayemwelekeza mfinyanzi asiyewahi kukiona. Maelezo ya mwisho ya picha ya kwanza yalikuwa haya:

```
small unglazed clay bowl on a short foot, glowing charcoal inside,
thin smoke, folded white cotton cloth beside it, limewashed wall,
one warm bare bulb from the left, seen from floor level
```

Tazama kwamba hamna hata neno moja kati ya yale matano. Hamna Zanzibar pia.

Safari hii sikutoa arobaini, nilitoa nane, nikampelekea nne. Tatu alizipitisha papo hapo, na moja kati ya hizo, ya nguo zilizokunjwa, aliishika muda mrefu akauliza kama nimeipiga kwa nani. Ya chetezo ndiyo aliyoikataa. Mwanga sawa, ukuta sawa, moshi sawa. Akakigonga kwa ukucha juu ya kioo cha simu.

"Hiki hakina mfinyanzi. Watu wangu wa Pemba wakikiona watacheka."

Nikatazama tena, na kweli: mguu wake ulikuwa laini kama wa kikombe cha plastiki. Ningeweza kuandika upya mara kumi. Lakini chetezo chake mwenyewe kilikuwa pale pale mvunguni, kina masizi, kimekatika ukingo. Tukakitoa, nikausimamisha ubao ukutani ili niuige, tukatandika nguo, akawasha kaa. Nikaiweka simu sakafuni, nikajiandaa kupiga, na umeme ukakatika. Tukakaa gizani na moshi wetu, yeye akilichochea kaa lisizime, mimi nikingoja balbu.