Lubumbashi haina bahari

Wiki tano sijaandika humu. Sababu ni makontena manne ya chuma cha bati na kredi dokimantere moja ambayo mimi mwenyewe niliisaini bila kuisoma hadi mwisho.

Karakana yetu iko Kampemba, hapa Lubumbashi. Tunanunua koili za chuma chenye zinki kutoka China, tunazikunja kuwa bati, tunauza. Agizo la safari hii lilikuwa tani 100 kwa dola 860 kila tani, bei ya kufikishwa bandari ya Dar es Salaam. Kutoka hapo mzigo ni wetu: malori, Tunduma, Zambia nzima, Kasumbalesa, nyumbani. Muuzaji hakutaka kutuamini bila benki, nami sikutaka kumtumia pesa kabla chuma hakijapakiwa, basi tukafungua kredi. Maana yake ni kwamba benki yetu inaahidi kumlipa akileta hati zinazolingana na masharti yaliyoandikwa, na isimlipe zisipolingana.

Jumatatu tarehe 17 Machi, kabla mashine hazijawashwa, muuzaji alinitumia kwenye simu rasimu ya hati ya shehena. Nikaiweka mezani kando ya nakala ya kredi, nikaanza kulinganisha mstari kwa mstari huku kidole kikifuata maandishi. Kredi ilitaka mzigo upakiwe Shanghai; hati ilisema Ningbo. Kredi ilitaka meli ipakie kabla ya tarehe 10 Machi kwisha. Hati ilisema mzigo ulipanda melini tarehe 14. Nikafika kwenye bandari ya kushushia. Hati ilisema Dar es Salaam, sawasawa kabisa. Lakini kredi, kisanduku cha 44F, kilikuwa na neno moja:

```
44F: LUBUMBASHI
```

Nililitazama neno hilo kwa muda mrefu. Mji wangu, bila hata ziwa kubwa kando yake, umeandikwa kuwa bandari ya meli. Nikafungua faili la ombi letu la Januari. Palipoulizwa mzigo unakwenda wapi, nilikuwa nimeandika Lubumbashi kwa mkono wangu, na benki ikaliingiza kwenye kisanduku cha bandari. Hakuna aliyedanganya. Ila hakuna meli duniani ambayo ingeweza kutoa hati ya bahari inayolingana na kredi yetu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda benki, mjini kati. Kijana anayeshughulikia kredi alinipokea vizuri. Nikamwambia, baba, kila mtu anajua Lubumbashi haina bahari, si mtaelewa tu hati zikija? Akatikisa kichwa. "Mama Direkta, sisi hatutazami chuma wala ramani. Tunatazama karatasi. Kredi ikisema Lubumbashi na hati ikisema Dar es Salaam, hiyo ni tofauti, na benki ya China itaiona kabla yangu." Ndivyo kanuni zilivyo. Kredi yetu iko chini ya UCP 600, kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara zinazotumika tangu Julai 2007, na ibara yake ya 5 inasema benki zinashughulika na hati, hazishughuliki na bidhaa.

Nikamuuliza tena: nikisaini hati zikifika kwamba nazikubali na kasoro zake, haitoshi? Akasema inawezekana, benki inaweza kumwuliza mteja kama anasamehe kasoro, lakini hailazimiki kuuliza, na hata mteja akisamehe bado haifungwi. Halafu muuzaji anakuwa amekabidhi hati bila ahadi yoyote ya kulipwa. Nilijua asingekubali. Na hati ya shehena yetu imeandikwa kwa amri ya benki: bila muhuri wa benki mgongoni, wakala wetu hawezi kuyatoa makontena Dar. Siku ambazo benki mbili zinabishana kwa ujumbe, makontena yanalala bandarini, na kila siku ina gharama yake. Kwa hiyo njia ilikuwa moja, kurekebisha kredi kabla muuzaji hajawasilisha hati.

Usiku huo, kabla sijaandika ombi, muuzaji alituma ujumbe mwingine. Wakala wa meli, alisema, anaweza kutoa hati yenye tarehe 10 Machi, na jambo la tarehe likaisha bila gharama. Nilikaa na simu mkononi. Sitaki kujifanya kwamba sikuwaza. Lakini tarehe ya kupanda melini ni ushahidi. Bima yetu inaihesabu, na yeyote anaweza kutazama siku meli ilipoingia Ningbo. Meli ile iliingia tarehe 12. Hati ya tarehe 10 ingesema chuma kilikuwa juu ya meli ambayo haijafika. Nilimjibu kwamba hati ibaki na tarehe yake ya kweli, kredi ndiyo itakayosogezwa.

Ombi langu lilikuwa na mambo matatu. Bandari ya kupakia isomeke bandari yoyote ya China, ili isitufunge tena kwa jina moja. Bandari ya kushushia iwe Dar es Salaam. Tarehe ya mwisho ya kupakia isogezwe hadi 20 Machi. Kijana wa benki aliponisomea akanyanyua kalamu. "Na mwisho wa kredi wenyewe?" Nilikuwa nimeusahau. Kredi ilikuwa inaisha tarehe 31 Machi, siku 21 baada ya tarehe ya zamani ya kupakia. Muuzaji ana siku 21 tangu mzigo upande melini kuwasilisha hati zake, lakini kamwe si baada ya kredi kuisha. Kwa mzigo uliopanda tarehe 14, siku hizo zinafika 4 Aprili, huku kredi ikiwa imekufa siku nne kabla. Ukisogeza tarehe ya kupakia peke yake, unampa mtu mlango na kumnyima ufunguo. Tukaandika mwisho wa kredi kwanza, kisha tarehe ya mwisho ya kupakia na bandari mbili, kila tarehe ikianza na mwaka:

```
31D: 250415 CHINA
44C: 250320
44E: ANY PORT IN CHINA
44F: DAR ES SALAAM
```

Nilikuwa na hofu pia juu ya uzito. Ankara ilionyesha tani 98.6, si 100. Hapo alinituliza: kiasi kikiandikwa kwa uzito, na kredi isipokataza, kupungua au kuzidi kwa asilimia 5 kunaruhusiwa mradi jumla ya pesa isivuke kredi. Tani 98.6 ni dola 84,796, chini ya 86,000. Hapakuwa na cha kurekebisha.

Ningesimama hapo, mambo yangekwisha wiki hiyo. Lakini nilikuwa na donda la zamani. Shehena ya mwaka jana ilikuja na zinki nyembamba, bati zikaota kutu kwenye paa za watu wa Katuba kabla ya masika ya pili, na walikuja mlangoni kwangu, si China. Kwa hiyo chini ya ombi nikaongeza jambo jingine: muuzaji alete pia cheti cha mkaguzi huru kuhusu unene wa zinki, kilichotolewa wakati wa kupakia. Kijana alinitazama, akauliza kama muuzaji amekubali. Nikasema atakubali, maana anahitaji yale mengine. Tarehe 20 ujumbe ukatoka, MT707 moja, ndio ujumbe wa benki kwa benki wa kurekebisha kredi, yote ndani yake.

Jumatatu ya 24 jibu likaja. Muuzaji anakubali bandari na tarehe, anakataa cheti. Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Nikasema basi, cheti kifutwe, mengine yaendelee. Kijana akafungua ibara ya 10 na kunisomea polepole: kukubali sehemu ya marekebisho hakuruhusiwi, na kunahesabiwa kuwa ni kuyakataa yote. Ule ujumbe wote ulikuwa umekufa. Kredi ilikuwa imerudi kuwa na bandari ya Lubumbashi na tarehe 10 Machi, na zimebaki siku saba iishe.

Niliumia hasa nilipompigia muuzaji. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu atampata wapi mkaguzi wa kupima chuma wakati wa kupakia, na chuma kiko katikati ya bahari. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimedai karatasi ambayo haiwezekani kutengenezwa, na angeikubali kwa haraka, angejifungia malipo yake mwenyewe. Wasiwasi wangu wa zinki ulikuwa wa haki, lakini mahali pake palikuwa Januari, kwenye orodha ya hati za kredi, kabla koili hazijatoka kiwandani.

Tarehe 26 tukatuma marekebisho mapya, yale ya bandari na tarehe tu. Safari hii nilimsomea muuzaji maneno yenyewe kwa simu kabla ya kusaini, naye akayarudia. Gharama ya ujumbe wa pili niliilipa mimi, na ni halali.

Kisha kimya. Tarehe 27 hakuna jibu, 28 hakuna, wikendi ikapita. Nilikuwa naamka usiku kuhesabu. Kijana wa benki alinieleza mambo mawili ambayo ni lazima yakae pamoja. Kimya cha muuzaji si kukubali, hata ukiandika kwamba asipojibu ndani ya siku fulani amekubali, maneno hayo hayahesabiki. Lakini akiwasilisha hati zinazolingana na marekebisho, kuwasilisha kwenyewe ndiko kukubali. Na benki yetu ilikwisha kufungwa tangu ilipotuma ujumbe, haiwezi kurudi nyuma.

Jumanne, 1 Aprili, aliwasilisha hati zake kwa benki yake: Ningbo, Dar es Salaam, tarehe 14 Machi.

Bahasha ilifika hapa tarehe 11. Benki ina siku tano za kazi kuchunguza, nazo hazikwisha zote. Jumatano ya 16 niliitwa. Hati asili tatu za shehena zilikuwa mezani, na nilimwona yule kijana akizigeuza moja moja, akipiga muhuri mgongoni na kusaini chini yake kwa wino wa buluu. Mchana huohuo nikazituma kwa wakala Dar.

Jana usiku nimeanza kujaza ombi la kredi ya agizo lijalo. Cheti cha unene wa zinki nimekiandika kwenye orodha ya hati, gramu 120 kwa kila mita ya mraba, na rasimu nzima nimemtumia muuzaji aisome kabla sijaipeleka benki. Ameirudisha leo na sahihisho moja: mkaguzi tuliyemtaka hana ofisi Ningbo, ameomba tuandike mkaguzi huru yeyote. Nimekubali.