Siku yangu ya kusoma Igogo, ambako wote wanajua "nipo tu"

Ninarisiti Kidato cha Nne. Namba yangu ya mtihani itaanza na P badala ya S ya wanafunzi wa shule, na hapa mtaani hiyo P maana yake nipo tu nyumbani. Mtu akikosa wa kumtuma, macho yote kwangu. Hii ni Jumanne yangu.

Saa 12 asubuhi. Mama mdogo keshaondoka kwenda Mwaloni kwenye biashara yake ya dagaa. Nafagia, nachota maji, nakunywa chai.

Saa 2. Kipindi cha kwanza, Baiolojia, dakika 50. Simu nimeitegesha kengele na kuiacha kwenye kabati la vyombo, ili ikilia nilazimike kuinuka. Daftari limefungwa: naandika kwanza ninachokumbuka kuhusu mzunguko wa damu, kisha nafungua na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Inauma kuliko kusoma tu, lakini ndiyo inayobaki. Watafiti Roediger na Karpicke walilipima hili mwaka 2006: waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, ila baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Na mtihani wangu hauko dakika 5 mbele.

Kengele. Mapumziko dakika 10: maji, kunyoosha mgongo, kukaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba nikitazama ziwa. Ujumbe wa simu sifungui, maana ukifungua mmoja, hayo si mapumziko tena.

Saa 3. Kemia, titresheni. Sentimita za ujazo 25 za NaOH ya 0.1 M zimemalizwa na 20 za H₂SO₄. Tafuta molariti ya asidi. Nimepata moli za NaOH, 0.1 × 25/1000 = 0.0025, mara hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si upo tu? Hebu nishikie genge dakika tano, nafika hapo chini mara moja."

Jirani huyu kanilea, siwezi kumwambia nina kipindi. Kabla ya kuinuka nikaandika pembeni mwa karatasi: "asidi 1 kwa besi 2, gawanya kwa 2 kwanza." Sekunde chache tu.

Dakika tano zake nazijua. Nikauza nyanya, nikapima mkaa, nikagombana na mteja aliyetaka fungu la dagaa liongezwe mpaka liwe mafungu mawili kwa bei ya moja. Mwingine kaja na noti ya elfu kumi kununua kitunguu kimoja, chenji hakuna, nikazunguka maduka matatu. Mfukoni nilikuwa na kadi za istilahi nilizokata kwenye boksi, hizo zinavumilia kukatizwa. Hesabu hazivumilii. Mama karudi saa 5 inakaribia, kanipa embe.

Nikarudi mezani kichwa kikiwa kimejaa chenji. Ningeendelea kwa kubahatisha, ningegawanya 0.0025 kwa 0.020 na kupata 0.125 M, jibu linalopendeza macho na ni mara mbili ya lile sahihi. Ile sentensi ya pembeni ndiyo iliyonirudisha njiani: moli za asidi ni 0.00125, gawanya kwa 0.020, molariti ni 0.0625 M.

Kipindi kimoja kilikuwa kimeshaliwa. Wenzangu wengi hapo husema "nitafidia usiku," wakakesha, na kesho yake wanasinzia asubuhi, yaani deni linazaa deni jingine. Mimi saa 10 jioni huwa naiacha wazi kwenye ratiba, haina somo. Siku isiyo na hodi ni ya kupumzika. Ikiwa na hodi, kipindi kilichopotea kinaingia hapo. Vikipotea viwili, kimoja kinafutwa. Usiku hakiendi.

Mchana ulikuwa wali, maharage, na joto la bati. Hesabu, Jiografia, sikumbuki kipi kilianza. Saa 10 nikafidia Kemia, maswali matatu ya aina ileile.

Baada ya magharibi huwa sigusi mada mpya, nasahihisha tu karatasi za mitihani iliyopita. Muda fulani nikajikuta nimesoma sentensi moja mara tatu, na nimenakili 0.025 badala ya 0.25 kutoka mstari wa juu yake. Nikifika hapo najua kinachofuata ni kuandika makosa tu.

Saa 2 usiku nimefunga, swali la nne likiwa nusu. Nimeandika litakapoanzia kesho, nikaenda kusonga ugali maana mama mdogo anakaribia kufika. Mwiko bado mkononi, jirani kachungulia dirishani kuuliza kama kesho nipo.

"Nipo mama," nikamwambia. "Kuanzia saa 10."