Nilivyoacha kulificha beseni la mboga

Nina stashahada ya uhasibu, na huu ni mwaka wa tatu naendesha maisha kwa mchicha na matembele hapa Tabata. Naandika kwa sababu bado nasikia wasichana wakipewa ushauri uleule niliopewa mimi: tafuta biashara ya heshima, msomi hauzi mboga. Ushauri huo ulimaliza akiba yangu yote. Nilichukua fremu, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikajaza nguo. Kufikia mwezi wa tano nguo nyingi zilikuwa bado zimening'inia palepale, na hela yangu imening'inia nazo.

Nilibaki na kama elfu thelathini. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, akanichukua alfajiri hadi kwenye bustani za Kinyerezi kununua tuta. Unalipia tuta zima likiwa bado ardhini, unang'oa mwenyewe, unafunga mafungu. Alinifundisha kubonyeza shina kwa ukucha: ukucha ukizama kirahisi, mchicha ni laini. Tuta lililokwishaanza kutoa maua uliache, hata kama limerefuka vizuri.

Mboga nilizipata, lakini aibu sikuwa nimeitua. Sikuthubutu kuuza mtaani kwetu. Nilipanda daladala na beseni langu mpaka Mbezi, nikajitanda khanga hadi usoni, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kila nikitaka kuita "mchichaaa, matembele" sauti inakwama kooni. Nilitembea kimya tangu saa mbili hadi saa saba, na muuza mboga anayepita kimya hakuna anayejua kama amepita. Wawili watatu walioniona waliniambia wana mama yao wa kila siku. Jua likapiga, mchicha ukalala. Nikaurushia maji na kuufunika kwa nailoni, kosa kubwa, maana joto lilijifungia ndani na majani yakaanza kuiva. Nilirudi na zaidi ya nusu ya mzigo. Nililia sana siku ile.

Jioni yule mama alikuja, akaangalia beseni, akaniambia, "Mwanangu, mboga inanunuliwa kwa mtu anayejulikana. Wewe umeenda kuuza mahali usipojulikana ili usijulikane. Utamuuzia nani?"

Usiku nikatoa daftari, nikapiga hesabu kama nilivyofundishwa chuoni. Kwenye nguo, elfu kumi yangu ilikaa miezi bila kurudi. Kwenye mboga, ukiuza kwa wanaokujua, inatoka alfajiri na inarudi jioni, na kidogo juu yake. Mtaji mdogo unaotaka kuzunguka kila siku hauna mahali pazuri kama kwenye chakula. Hesabu ile ndiyo iliyonitoa aibu, kwa kuwa niliiona kwa macho yangu.

Kisha nikajiuliza mtaani kwetu watu wanachoka na nini. Majirani wengi wanarudi kazini saa moja usiku, na kuchambua mchicha ndiyo kazi inayowakera. Nikaanza kuuza mboga iliyokwishachambuliwa. Fungu la mia tano nikilichambua, nikaosha na kukata, nauza bakuli kwa elfu moja. Kila mteja ana mabakuli yake mawili yenye mfuniko: moja liko kwake, jingine liko kwangu. Anaagiza kwa simu asubuhi, jioni napeleka lililojaa na kuondoka na tupu.

Ugumu uko kwenye maji. Mwanzoni nilikata kwanza ndipo nikaosha, na kesho yake wateja wakalalamika mboga inateleza. Sasa naosha majani mazima, maji matatu, mpaka chini ya beseni usikute mchanga. Naanika kwenye ungo kivulini kama saa nzima, ndipo nakata. Ukiona matone ya maji chini ya mfuniko, mboga hiyo haifiki kesho. Bamia, bilinganya na nyanya chungu sikati kabisa: bamia huteleza, hizo mbili hugeuka rangi.

Kisamvu natwanga na kukitoa siku hiyohiyo, kwa sababu huchacha. Kila mteja mpya namwambia akichemshe sana bila mfuniko, kwa kuwa kikiwa kibichi kina sumu.

Kama kubeba beseni ndiko kunakokuumiza, anza na oda kumi za majirani. Mimi nilianza na saba. Wakati wa masika tuta hupanda bei na majani hujaa matope, kwa hiyo napunguza mchicha naongeza kisamvu, maana mti wake hauhangaiki na mvua.

Shangazi yangu, aliyenikataza kwa maneno mazito, ana mabakuli mawili ya kijani kwangu. Jana alipiga simu: matembele, tena nisiyakate madogo sana.