Piko kwenye Ndevu za Baba Zuhura

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wiki hii Baba Zuhura karudi kutoka Ngamiani ndevu zimepakwa piko, nyeusi tii, na shati linambana tumbo. Ana miaka 49. Usiku hadithi ni Maskati tu, safari aliyoitiwa na mjomba wake ujanani akaikataa, akabaki na ukarani wake kwenye shamba la mkonge. Sasa anataka kuuza minazi yetu ya Pongwe aanze upya.

Shoga mmoja kaniambia nikague simu yake, mwingine anamjua fundi wa uganga. Simu siigusi, Sura Al-Hujurat imekataza kupelelezana. La fundi hukumu yake mnaijua.

Nimerudi kwenye Al-Ahqaf, aya ya 15. Mola ameutaja umri wa miaka 40, na mja aliyefika hapo anaomba awezeshwe kushukuru neema alizopewa yeye na wazazi wake, atengenezewe kizazi chake, na anatubu. Basi mtu wa makamo kugeuka nyuma si wazimu. Tatizo ni kuona kile alichokikosa tu.

Hapo ndipo namkumbuka Bibi Khadija. Simfananishi mtu na Mtume (s.a.w.), wala piko na wahyi, natazama alichofanya mke. Mume karudi kutoka Hira anatetemeka, anaomba afunikwe. Akafunikwa kwanza mpaka hofu ikamtoka. Aliposimulia, hakuambiwa "yatapita". Alihesabiwa mambo yake: unaunga jamaa, unambeba mnyonge, unamkirimu mgeni. Kisha akapelekwa kwa Waraqa, mzee mwenye elimu.

Nami baada ya isha, watoto wamelala, nikamuuliza, "Baba Zuhura, huko Maskati ungepata nini?" Akanyamaza kitambo. Mwisho akasema si pesa. Zuhura anaolewa, na yeye haoni alichokijenga. Nikamhesabia: wadogo zako umewasomesha kwa mshahara ule ule wa mkonge, na mama yako ukimgeuza kitandani kwa mikono yako mpaka siku yake. Ungekuwa Maskati, nani angemgeuza? Akaomba kahawa.

Enyi mnaowaita waume zenu "mzee kijana" mbele ya watoto, wao ni vazi lenu nanyi vazi lao. Mnalichana barazani ili nani acheke? Hata hilo piko, najua hadithi ya Abu Quhafa, kwamba mvi zibadilishwe na nyeusi iepukwe. Nitamshauri ahamie hina, ila si wiki hii.

Lakini asiyelala, asiyekula, aliyeacha kazi na sala, anayesema heri afe, huyo msimwambie asubiri. Mpelekeni Bombo akaonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Minazi haijauzwa. Tumekubaliana hatatia saini kitu mpaka kaka yake na kaka yangu wakae nasi, Ijumaa baada ya sala.