Taulo zilizokataa kunyonya maji: softena na siki nyeupe

Taulo zuri la pamba ukilidondoshea tone la maji, tone huzama papo hapo. Ndicho kipimo changu cha kwanza, kwa sababu ulaini wa taulo mkononi haukuambii kama litamkausha mtu.

Nyumba ya wageni ninayoifulia iko Mikindani. Nilipopokea kazi nilikuta taulo zote zinasuuzwa kwa softena. Zilikuwa laini na zinanukia vizuri, lakini mgeni mmoja aliniambia, "Mama, hili taulo linateleza tu, maji yote yamebaki mwilini." Nikalitandaza mezani, nikamwagia maji kidogo kwa kijiko cha chai. Yalikaa juu yamejikusanya, kama umande kwenye jani la magimbi, kisha yakaanza kuingia taratibu sana.

Sababu iko ndani ya softena yenyewe. Chembe zake zina upande wenye chaji chanya na mkia wa mafuta. Pamba ikiwa ndani ya maji huwa na chaji hasi, kwa hiyo chembe hizo huinasa na mikia ya mafuta hubaki imeelekea nje. Nyuzi zinateleza zikigusana, ndiyo maana mkono unahisi ulaini. Lakini utando uleule unayasukuma maji. Na kwa kuwa softena hutiwa kwenye maji ya mwisho, hakuna kinachoiondoa pale. Kila ufuaji huongeza kidogo juu ya kilichobaki.

Dada ninayefanya naye kazi alitaka tuloweke taulo kwenye siki usiku kucha. Nilikataa, kwa sababu siki ni tindikali, haiyeyushi mafuta. Utando ule unahitaji joto na sabuni. Tukachemsha maji, tukaweka kwenye beseni sabuni ya unga ya kawaida na vijiko viwili vikubwa vya magadi soda, tukaloweka taulo kama saa moja huku tukizigeuza kwa fimbo. Maji yalibadilika yakawa na ukungu na utelezi. Baada ya kufikicha tukasuuza kwa maji mengi, kisha tukarudia kipimo cha tone. Taulo nyingi zilinyonya vizuri zaidi, ila zile kongwe zilihitaji kurudiwa mara nyingine.

Siki ilikuja baada ya hapo, na hapa ndipo inapostahili sifa. Maji ya kisima tunayotumia ni magumu: sabuni haitoi povu haraka, na birika lina gamba jeupe la chokaa. Chokaa hiyo pamoja na mabaki ya sabuni hubaki kwenye vitanzi vya taulo, na likikauka juani linakuwa gumu kama limetiwa wanga. Siki nyeupe ya kupikia, ile iliyoandikwa asilimia 5, huyeyusha chokaa na kupunguza ukali wa mabaki ya sabuni. Natia nusu kikombe cha chai, yapata mililita 120, katika ndoo ya lita 20 ya maji ya mwisho. Naacha taulo dakika chache, nazikamua, nazikung'uta kwa nguvu kabla ya kuanika. Harufu ya siki huisha zikikauka. Isiwe siki ya rangi ya kahawia, inaweza kuacha madoa.

Anayetumia maji laini ya mvua na kusuuza vizuri hataona tofauti kubwa, na siki haitampa ule utelezi wa softena. Pia usiitie pamoja na sabuni, kwa kuwa zitadhoofishana. Na usiichanganye kabisa na dawa ya kung'arisha yenye klorini: mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Siku tunazotumia dawa hiyo kwenye mashuka, hatugusi siki.

Jezi za mazoezi za kijana wangu zilikuwa na shida ya aina yake. Ni poliesta, kitambaa kilichotengenezwa kusambaza jasho likauke haraka. Softena ikiziba kitambaa hicho, jasho linabaki mwilini na mafuta ya ngozi yanashikamana na utando. Unaijua kwa harufu: jezi imekauka haina harufu, ikivaliwa na kupata joto inanuka palepale. Sizichemshi, kwa maana joto kali huharibu mpira na kulegeza nyuzi za kunyumbuka. Nazigeuza ndani nje, naziloweka kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha nasuuza mara moja kwa siki kidogo, robo ya kikombe kwa nusu ndoo, na mwishowe kwa maji matupu ili tindikali isikae kwenye lastiki. Naanika kivulini. Softena naiachia blanketi na sweta peke yake.