Ng’wandu amerudi kuwa Ng’wandu

Leo asubuhi hapa Kirumba nimefungua orodha ya wateja wetu wa dagaa, faili la CSV lililotoka kwenye fomu ya simu. Mzee Ng’wandu kawa `Ng’wandu`. André, mnunuzi wetu wa Bujumbura, kawa `André`. Majina ya kina Juma na Neema yako salama kabisa. Iliniuma, maana jina la mtu ni heshima yake, na risiti zilikuwa zitoke saa nne.

Kumbe faili lilikuwa zima. Lilihifadhiwa kwa UTF-8, ambamo é huandikwa kwa baiti mbili na ile ’ iliyopinda kwa baiti tatu. Nilipolibofya mara mbili, Excel ikasoma kila baiti kama herufi yake. Herufi za kawaida ni baiti moja kote kote, ndiyo maana Juma hakuguswa.

Nililifunga bila kuhifadhi (hapo msikosee, ukihifadhi unaandika uharibifu juu ya faili lenyewe). Nikafungua karatasi tupu, nikaenda Data, kisha From Text/CSV, nikachagua faili. Kwenye File Origin ilikuwa imeandikwa 1252, nikaweka `65001: Unicode (UTF-8)`. Majina yakanyooka palepale kwenye onyesho, ndipo nikabonyeza Load.

Ukiona `Ã` au `â€` mahali pa herufi moja, bado linaponyeka. Ila kama faili lenyewe limeshahifadhiwa na alama ya kuuliza mahali pa herufi, hiyo herufi imepotea, omba faili upya.